Umeandika kwa maneno yako, ukurasa wa nini tena? Dhana potofu na ukweli

Kazi yangu hapa Iringa ni kusoma tasnifu za watu kabla hazijafika mezani kwa msimamizi. Nasahihisha lugha, naweka sawa marejeleo, na ugomvi wangu mkubwa na wateja huwa juu ya kitu kidogo kabisa: namba ya ukurasa. Mwezi uliopita alikuja kijana mmoja wa umahiri, anaandika juu ya fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, lililochukuliwa na Wajerumani. Nilipomwambia marejeleo yake mengi hayana kurasa, akacheka kidogo.

"Mwalimu, ukurasa si unawekwa kwenye nukuu ya moja kwa moja tu? Hapo nimeeleza kwa maneno yangu."

Hiyo ndiyo dhana ninayokutana nayo kuliko zote, tuanze nayo.

Dhana: ukurasa ni wa maneno yaliyofungiwa alama za nukuu. Ukishaeleza kwa maneno yako, jina na mwaka vinatosha.

Dhana hii haikuzuka hewani. Katika mtindo wa marejeleo wa APA, toleo la 7, ambao vyuo vingi vinautumia, nukuu ya moja kwa moja lazima iwe na ukurasa, na maelezo kwa maneno yako hayalazimishwi kuwa nao. Wanafunzi wengi husoma mpaka hapo wakafunga kitabu. Mwongozo wenyewe unaendelea: weka ukurasa pale utakapomsaidia msomaji kupata mahali penyewe katika kazi ndefu au ngumu. Kwa hiyo hata APA, iliyo laini katika jambo hili, inakuruhusu na inakuhimiza. Mtindo wa MLA unataka ukurasa hata ukieleza kwa maneno yako, ilimradi kazi uliyosoma ina kurasa. Chicago nao wanautaka kila unaporejelea sehemu mahsusi ya kazi. Na kwetu kwenye maandishi ya Kiswahili tumezoea jina, mwaka, nukta mbili, kisha ukurasa, na mwandishi makini huuweka hata pasipo na alama za nukuu.

Lakini tuiache mitindo kwanza. Sentensi ya yule kijana ilikuwa hivi:

"Mkataba wa Versailles uliitaka Ujerumani iwarudishie Wahehe fuvu la Mkwawa ndani ya miezi sita baada ya kusainiwa (Mkataba wa Versailles, 1919)."

Maneno ni yake kweli, hakunakili. Sasa jiweke mahali pa msimamizi anayetaka kuhakiki. Mkataba ule, uliofunga Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, una ibara 440: mipaka, majeshi, reli, mito, madeni, mpaka nyaya za simu chini ya bahari. Fuvu la mtawala wa Uhehe utalitafutia wapi humo? Nilimwuliza kijana ni ibara ya ngapi, hakujua. Sentensi ile aliitoa kwenye makala, na makala ilikuwa imedondoa kipande kifupi tu.

Tukaufungua mkataba pamoja. Ni ibara ya 246, imekaa kwenye sehemu inayohusu fidia, jirani kabisa na ibara inayodai vitabu kwa ajili ya Chuo Kikuu cha Louvain. Ibara yenyewe ina mambo mawili. Aya ya kwanza inahusu Msahafu wa Khalifa Uthman: Ujerumani iurejeshe kwa Mfalme wa Hijazi ndani ya miezi sita tangu mkataba uanze kutumika. Aya ya pili ndiyo ya fuvu, nayo inasema tu kwamba ndani ya muda uo huo Ujerumani italikabidhi kwa serikali ya Mfalme wa Uingereza.

Kijana alinyamaza, maana makosa mawili yalikuwa yamekaa wazi. La kwanza, Wahehe hawatajwi kama wapokeaji. Anayetajwa ni Mwingereza. Kwa tasnifu inayojadili nani alikuwa na haki juu ya fuvu lile, hilo si kosa la pembeni, ndilo shina la hoja. La pili ni tarehe. Mkataba ulisainiwa tarehe 28 Juni 1919, ila ulianza kutumika tarehe 10 Januari 1920. Ukihesabu miezi sita tangu kusainiwa unaangukia Desemba 1919. Ukihesabu kama ibara inavyotaka unafika Julai 1920. Na chanzo cha kosa la tarehe unakiona kwa macho: kile kipande alichokisoma kilianzia aya ya pili, penye "muda uo huo", na ule muda wenyewe umetajwa kwenye aya ya kwanza ambayo hakuiona. Akajaza pengo kwa kukisia.

Ukweli basi ndio huu: unapoeleza kwa maneno yako ndipo msomaji anapohitaji zaidi kuonyeshwa mahali. Nukuu ya moja kwa moja inabeba maneno yale yale ya mwandishi. Leo hii msomaji anaweza kuyachapa kwenye kompyuta akayapata. Maelezo yako hayatafutiki hivyo, kwa kuwa maneno hayo hayamo kwenye kitabu popote. Ukiandika "iwarudishie Wahehe" na ibara inasema "itakabidhi kwa serikali ya Mfalme", hakuna neno la kumwongoza mtafutaji. Wewe peke yako ndiye unayejua ulipolitoa, na baada ya miezi mitatu, niamini, hata wewe hutajua.

Sentensi yake sasa inasomeka: "Mkataba uliitaka Ujerumani ilikabidhi fuvu kwa serikali ya Uingereza ndani ya miezi sita tangu mkataba kuanza kutumika (Mkataba wa Versailles, 1919, ibara ya 246)." Ikampa na hoja ambayo hakuwa nayo: fuvu lilifika Kalenga kwa Wahehe 1954, likiletwa na Gavana wa Tanganyika Edward Twining, karibu miaka 34 baada ya muda uliowekwa.

Dhana: kazi isiyo na kurasa haina cha kuonyesha, kwa hiyo inatajwa nzima.

Mfano huo huo unajibu. Hatukuweka ukurasa, tuliweka ibara, na ibara ni bora, kwa sababu kurasa za mkataba hubadilika kila anayeuchapa anapouchapa upya ilhali ibara ya 246 inabaki ya 246. Sheria zina vifungu, Kurani na Biblia zina sura na aya, tamthilia zina maonyesho. Makala ya mtandaoni isiyo na kurasa unaitajia kichwa cha sehemu, au unahesabu aya. Kitabu cha kusomea kwenye simu, ambacho kurasa zake hubadilika ukikuza maandishi, kitajie sura na kichwa kidogo.

Dhana: kutaja kazi nzima bila ukurasa ni uvivu siku zote.

Hii ni ya upande wa pili, na wasimamizi wengine wanaishikilia kwa nguvu. Nimewahi kuona mwanafunzi ameandikiwa "ukurasa?" kwa wino mwekundu mbele ya sentensi isiyoweza kuwa na ukurasa hata kidogo.

Kitabu cha John Iliffe cha 1979 juu ya historia ya Tanganyika kina kurasa zaidi ya 600. Ukiandika kwamba Iliffe anaisimulia nchi tangu karne ya 19 hadi uhuru wa 1961, unaongelea kitabu chote. (Iliffe, 1979) inatosha, na ukiweka ukurasa mmoja utakuwa unamdanganya msomaji kwamba hayo yote yamo humo. Lakini ukitoka hapo ukaeleza jinsi kikosi cha Mjerumani Zelewski kilivyovamiwa na Wahehe pale Lugalo mwezi Agosti 1891, umeshuka kutoka kwenye kitabu mpaka kwenye kurasa chache. Mwandishi ni yule yule, kitabu kile kile, ila sentensi ya pili inadai ukurasa.

Kipimo ninachowapa wateja ni kimoja: nikikuomba uninyooshee kidole pale ulipolisoma, kidole kitagusa mahali, au itabidi unikabidhi kitabu kizima? Kikigusa mahali, paandike. Kama ni hoja iliyotawanyika sura nzima, andika sura. Makala fupi ya sayansi yenye kurasa sita na tokeo moja kuu haina shida, msomaji ataliona. Na wanaotumia mtindo wa Vancouver, kama ndugu zetu wa afya pale Mbeya, huweka namba ya chanzo tu na kwa kawaida hawadaiwi ukurasa. Kama mwongozo wa chuo chako unataka kurasa kila mahali, weka kila panapowezekana. Ugomvi na mwongozo haukupi shahada.

Dhana: ukishaweka ukurasa, umesalimika na wizi wa maandishi.

Hapana. Ukichukua sentensi ya mtu ukabadilisha "alipigana" kuwa "alipambana" na kugeuza mpangilio kidogo, hujaeleza kwa maneno yako, na ukurasa haukusafishi. Tena unamrahisishia msahihishaji: anafungua pale pale ulipomwelekeza, anaweka sentensi mbili kando kwa kando.

Limebaki la kiufundi, ambalo ndilo linaloharibu kurasa za wale wanaojitahidi kuziweka. Namba inayoonyeshwa na kompyuta juu ya faili la PDF mara nyingi si namba ya ukurasa wa kitabu. Vitabu vingi huanza na kurasa za dibaji na yaliyomo zenye tarakimu za Kirumi. Kompyuta inazihesabu pamoja na jalada, kitabu hakizihesabu. Zikiwa 18 pamoja na jalada, ukurasa wa 100 wa kitabu utausoma juu kama 118. Fuata namba iliyochapwa kwenye ukurasa wenyewe, juu au chini. Makala ya jarida pia isikuchanganye: ikianzia ukurasa wa 211 wa jarida, ukurasa wake wa tano ni 215, na hiyo 215 ndiyo unayoandika. Angalia na toleo, kwa maana lile la maktaba na lile ulilotumiwa na rafiki kwenye simu huenda hayalingani kurasa, na namba yako inasomeka kwa mwaka uliouandika kwenye mabano.

Kijana alirudi baada ya siku nne, koti limefungwa mpaka shingoni kwa baridi ya asubuhi, na daftari mkononi. Alikuwa na marejeleo 23 yasiyo na kurasa. Mengine tulikubaliana yabaki kazi nzima, mengi aliyapatia mahali. Mawili aliyatafuta usiku mzima kwenye vitabu alivyovitaja asiyaone popote; hakukumbuka hata aliyasoma au aliyasikia kwa watu Kalenga. Sentensi zote mbili akazifuta mbele yangu.