Doge: mbwa wa Kijapani na Kiingereza chake kilichovunjika

Doge ni utani wa picha uliotamba sana mtandaoni mwaka 2013. Unakuta picha ya mbwa, na kumzunguka kuna vipande vya Kiingereza kibovu vya rangi mbalimbali, vimetawanyika huku na huku. Mbwa mwenyewe alikuwa jike wa aina ya shiba inu, jina lake Kabosu, aliyeishi Japani na mwalimu wa chekechea, Atsuko Sato. Mwaka 2010 Sato alimpiga picha akiwa amejipumzisha kwenye kochi, miguu ya mbele imepishana, anatazama kwa pembe ya jicho kama aliyesikia jambo asiloliamini. Uso ule ndio uliobeba utani wote.

Watu wengi hudhani ukiharibu tu Kiingereza umeshapata doge. Sivyo. Katika Kiingereza sanifu, very hutangulia kivumishi, na much hutangulia nomino isiyohesabika. Doge hugeuza mpango huo makusudi. Tuseme mbwa ameketi mbele ya sahani ya chakula. Maandishi yatakuwa hivi:

```
much hungry
very food
so wait
wow
```

Sasa badilisha mistari miwili ya kwanza iwe very hungry na much food. Maneno ni yaleyale, lakini sarufi imenyooka na kicheko kimekwisha. Ndiyo maana naamini utani huu unahitaji mtu anayeijua kanuni vizuri: lazima akosee mahali penyewe.

Kilichonogesha zaidi ni ufupi. Karibu kila kipande kina maneno mawili tu, na hakuna sentensi inayoviunganisha, kwa hiyo msomaji anahisi anayasikia mawazo ya mbwa yakimjia moja moja: njaa, chakula, mshangao. Wow hukaa peke yake kwa sababu mshangao hauhitaji sarufi. Andika sentensi ndefu yenye viunganishi, na sauti ya mbwa inapotea, anabaki binadamu anayeeleza picha.

Kuna sababu nyingine ambayo mimi naiona kubwa. Hakuna kabila wala taifa linalozungumza Kiingereza cha namna hiyo. Mgeni anayejifunza lugha hukosea hapa na pale, lakini hakosei kwa mpangilio ule kila mara. Kwa hiyo anayecheka hamcheki mtu yeyote. Linganisha na Kiswahili: ukimwandikia mbwa “chakula mzuri” au “mtu kubwa”, msomaji wa Kiswahili atasikia mara moja lafudhi ya watu fulani anaowajua, na kicheko kitawaangukia hao. Anayetaka doge ya Kiswahili atalazimika kubuni kosa ambalo hakuna mzungumzaji yeyote anayelifanya, na hiyo ni kazi ngumu kuliko kuvuruga ngeli.