Shingo ya twiga: ushahidi uko kwa jike

Madume wawili wa twiga wakikutana Tarangire, husimama ubavu kwa ubavu wakisukumana. Ghafla mmoja huirudisha shingo nyuma na kuirusha, na fuvu lenye vipembe likatua ubavuni mwa mwenzake kama rungu. Mshindi hubaki na majike. Aliyeliona pambano hilo hashangai kusikia kuwa shingo ilirefuka kwa ajili ya vita.

Hoja hiyo ilitolewa mwaka 1996 na watafiti Robert Simmons na Lue Scheepers. Walieleza kuwa wakati wa kiangazi, majani yanapoadimika, twiga mara nyingi hula vichaka vifupi, na majike hula wakiwa wamelaza shingo usawa wa bega. Kama urefu ni wa kufikia majani ya juu, mbona hawautumii wakati wa njaa?

Swali zuri, lakini jibu lilikuwa kwenye miti. Elissa Cameron na Johan du Toit, waliochapisha matokeo yao mwaka 2007, walizungushia uzio baadhi ya migunga katika Hifadhi ya Kruger, Afrika Kusini, ili swala pala, tandala na wanyama wengine wafupi wasiifikie. Kwenye miti isiyo na uzio, twiga akila juu hupata majani mengi zaidi kwa kila tonge kuliko akila chini. Ndani ya uzio tofauti hiyo ilitoweka. Kumbe matawi ya chini hayakuzaliwa na majani haba. Wafupi walikuwa wameshayapukutisha. Kwa hiyo kimo kinamlipa twiga, hata kama hakitumii kila saa.

Sasa tumtazame jike, ambaye hapigani kwa shingo. Kama vita ndivyo vilivyoirefusha, tungetarajia dume amzidi kwa shingo hata tukizingatia ukubwa wa mwili wake. Utafiti wa twiga wa Kimasai uliochapishwa mwaka 2024 na timu ya Douglas Cavener ulikuta kinyume: kwa uwiano wa mwili, shingo ya jike ndiyo ndefu zaidi. Ya dume ni nene, na miguu yake ya mbele ni mirefu kidogo kwa uwiano. Jike hubeba mimba takribani miezi 15, kisha hunyonyesha. Anahitaji chakula kingi, na shingo humsaidia kupenya hadi katikati ya mti.

Mimi naegemea upande wa chakula. Vita siviondoi: unene wa shingo ya dume, na fuvu lake linaloendelea kuongezewa mfupa kadiri anavyozeeka, ni alama za mapigano. Ila unene si urefu. Na vipimo vya twiga wa leo havitoshi kueleza mwanzo wa safari: Samotheriamu, ndugu wa twiga aliyeishi miaka milioni 7 hivi iliyopita, tayari alikuwa na shingo ya kati, na hakuna aliyemwona akila wala akipigana.