Lori limerudi, mzigo umefika, lakini safari haijafungwa kwenye ERP

Kwenye kitengo chetu tunafundisha wasambazaji wenye malori yao wenyewe namna ya kutumia ERP, yaani mfumo wa kompyuta wa kuendeshea biashara nzima, na kuna swali linarudi karibu kila darasa: kwa nini stoki ya stoo na stoki ya kompyuta hazikubaliani? Mara nyingi stoo yenyewe haina shida, mzigo unapotelea kati ya geti na duka la mteja, yaani ndani ya lori, kwa sababu kwenye mfumo lori halipo. Katoni ziko stoo, halafu ghafla ziko kwa mteja, hapo katikati hakuna kitu. Sasa leo tufuate safari moja tu kuanzia kupakia mpaka kufunga. Namba ni za mfano, hela weka ya kwako.

Lori linapakia katoni 400, kila katoni kilo 15, kwa hiyo ni tani 6. Kuna vituo vitano, tuviite A mpaka E: A anachukua 150, B 120, C 80, D 40, na E yuko mbali kabisa anachukua 10. Kutoka stoo mpaka A ni kilomita 30, kutoka hapo B, C na D wameachana kilomita kumi kumi, D mpaka E kilomita 40, halafu E kurudi stoo kilomita 80. Jumla 180.

Kitu cha kwanza, fungua lori kama stoo kwenye mfumo. Ndiyo, stoo kabisa, yenye jina kama namba ya gari. Mtu wa stoo akimaliza kupakia hauzi, anahamisha: katoni 400 zinatoka stoo kuu zinaingia stoo ya lori. Delivari noti tano zinafungwa pamoja chini ya safari moja yenye namba yake, dereva, utingo, na mileji ya kuondokea. Kwenye ERPNext hiyo karatasi inaitwa `Delivery Trip`, mifumo mingine ina jina lake, na kama wa kwako hauna basi hata namba ya safari iliyoandikwa kwenye kila delivari noti inasaidia, ilimradi iwe lazima kuijaza.

Na invoisi? Wengi wanaitoa geti linapofunguliwa, dereva anaondoka nayo mkononi, maisha rahisi. Shida inakuja mteja akikataa kitu, maana sasa una invoisi ya 80 na mteja mwenye 74, na mpaka mtu akumbuke kutoa kredit noti deni lako linasoma uongo. Mwisho wa mwezi ndo balaa zaidi, lori limeondoka tarehe 31 limefika tarehe 1 na mauzo yamehesabiwa mwezi uliopita. Kanuni ya kimataifa ya uhasibu ya IFRS 15, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2018, inasema mapato yanatambuliwa pale mteja anapopata udhibiti wa mzigo, na kwa msambazaji anayepeleka kwa lori lake mwenyewe kwa kawaida hapo ni dukani kwa mteja, siyo getini kwako. Ndo maana mfumo wa SAP una hatua ya `VLPOD`, ukiiwasha delivari haiendi kwenye bili mpaka uthibitisho wa kupokelewa uwe umeingizwa, na kiasi kinachobiliwa ni kile kilichothibitishwa. Kama sheria ya kodi ya kwako inalazimisha invoisi isafiri na mzigo, sawa, itoe, ila basi tofauti za POD, yaani huo uthibitisho wa kupokelewa, zifungwe kwa kredit noti siku hiyo hiyo kabla dereva hajaenda nyumbani.

Tuje kwenye POD yenyewe. Saini peke yake ni dhaifu sana, kila mtu anajua kuchora mstari. Tunachotaka ni jina la aliyepokea, na awe kwenye orodha ya watu ambao mteja mwenyewe alisema wanaruhusiwa kupokea, idadi kwa kila aina ya bidhaa, picha ya mzigo uliopangwa chini, saa, na mahali kwa GPS. Kuna wanaotumia namba ya siri inayotumwa kwenye simu ya mteja, ni nzuri, isipokuwa dereva akizoea kuomba namba hiyo kabla ya kushusha, hapo mteja anakuwa amekiri kupokea kitu ambacho bado kiko juu ya gari.

Apu iwe na saa mbili, ya tukio na ya data kufika kwenye seva, maana mtandao unakatika njiani na ukiwa na saa moja tu huwezi kujua ipi ni ipi. Kuna msambazaji mmoja tulikaa naye tukatoa ripoti ya POD za wiki, gari moja lilikuwa na vituo vitano vyote vimesainiwa ndani ya dakika sita, saa 12 jioni, na GPS zote zinaonyesha uwanja wa stoo! Dereva hakuiba chochote, alikuwa anakusanya karatasi mchana halafu jioni anajaza apu akiwa amekaa kwenye kiti chake anasubiri funguo zipokelewe. Ila POD ya namna hiyo ikija kesi na mteja haina thamani. Kwa hiyo ripoti ya kwanza ya kuangalia ni hiyo, muda kati ya POD na POD uwe unaendana na umbali, na mahali pawe karibu na duka. Usiweke masharti ya mita tano lakini, GPS ya simu inakosea, hasa kati ya majengo marefu.

Safari yetu sasa. A, B, D na E wamesaini kamili. C amesaini 74 badala ya 80. Sababu ya upungufu lazima ichaguliwe kwenye orodha, isiandikwe kwa maneno, maana ukiruhusu maneno utapata "imepungua" mia tatu kwa mwezi na hujui chochote. Hapa kuna sababu mbili: katoni 4 zimelowa mteja kazikataa, na 2 hazikuonekana kwenye gari.

Jioni lori limerudi. Zile 4 zilizolowa zinahamishwa kutoka stoo ya lori kwenda stoo ya mali mbovu, siyo stoo kuu, vinginevyo kesho zinapangiwa mteja mwingine. Halafu tunaangalia salio la lori: 400 zilipanda, 394 zimepokelewa, 4 zimerudi, zimebaki 2. Kwenye mfumo lori bado lina katoni 2 na kwa macho liko tupu. Hiyo ndo faida nzima ya kulifanya lori kuwa stoo, salio lisipokuwa sifuri safari haifungiki na tofauti ina jina la gari, tarehe na watu wawili.

Hapa kishawishi ni kufanya marekebisho ya stoki ili ifunge watu waende kulala. Usifanye, au ukifanya ipeleke akaunti ya upotevu wa njiani yenye namba ya safari. Kabla hujamkata dereva mshahara rudi kwenye picha. Kwenye safari kama hii tuliwahi kukuta picha ya B ina katoni zimepangwa safu za kumi kumi, safu 12, na juu yake zimekaa mbili peke yake kama kofia. Alisaini 120 akapokea 122, utingo alipitiliza hesabu. Mteja alipigiwa simu akazikubali, akaongezewa kwenye bili. Bila picha zile mbili zingemla dereva. Lakini picha nayo haioni ndani ya katoni, kama kuna chupa imetolewa kiwandani au stoo hilo halitajulikana hapo.

Tugeuke kwenye gharama. Kosa la kawaida ni kuweka dizeli kwenye safari ya siku lilipojazwa. Lori limejaza lita 120 Jumatatu, safari ya Jumatatu inaonekana ghali kupindukia na ya Jumanne inaonekana imeenda bure. Njia inayofanya kazi ni kuweka kiwango kwa kilomita moja, chenye dizeli, matairi na sevisi, na kiwango kwa saa moja, chenye mishahara, bima na uchakavu wa gari, safari zikatozwe kwa viwango hivyo. Dizeli halisi ipimwe tofauti, kwa kujaza tenki mpaka juu, kutembea, kujaza tena mpaka juu, ugawe kilomita kwa lita. Lori likiwa lina kawaida ya kilomita 4 kwa lita na mwezi huu limetoa 3.2 kwenye ruti zile zile, nenda kaangalie injekta, matairi, au nani anafungua mfuniko wa tenki usiku.

Tuseme kiwango cha kilomita ni 200 na cha saa ni 2,400. Safari yetu ya kilomita 180 na saa 10 imekula 36,000 jumlisha 24,000, yaani 60,000. Gawa kwa katoni 400 unapata 150 kwa katoni, na ripoti nyingi zinaishia hapo. Kwa hesabu hiyo E mwenye katoni 10 amegharimu 1,500, na kama faida ya katoni kabla ya usafiri ni 600, anaonekana ametuachia 4,500.

Sasa mtoe E kwenye ruti. Kutoka D kurudi stoo moja kwa moja ni kilomita 50, safari nzima inakuwa 110. Kwa hiyo E peke yake ameongeza kilomita 70, saa mbili barabarani na nusu saa ya kushusha. Ni 14,000 ya kilomita na 6,000 ya muda, jumla 20,000, kwa mteja aliyeleta faida ya 6,000. Wenzake wanne ndo wamemlipia nauli bila kujua. Kuna mtu atasema mshahara wa dereva ungelipwa tu hata wasingeenda, na ni kweli kama lori lingekaa uwanjani, ila hata ukifuta muda wote, 14,000 bado ni zaidi ya mara mbili ya faida. Namba hii ERP haikupi yenyewe, inabidi kila POD iwe na mileji ya kufika kituoni, na mara nyingi hapo ndo tunakuta hiyo fildi imefichwa kwa sababu madereva walilalamika ni kazi nyingi.

Mtu wa mauzo hawezi kukubali E aachwe, na hana haja. Kuilipia hiyo 20,000 peke yake kungehitaji katoni 34 kila safari, hazitafika. Lakini kama kuna wateja wengine wawili upande ule ule, wakahamishiwa siku moja, zile kilomita 70 na saa mbili zinagawanyika kwa watatu, E anabaki na kama 7,470 pamoja na muda wake wa kushusha. Akichukua 10 bado tunapoteza kidogo, akichukua 13 anajilipia, na kama anauza kumi kwa wiki basi apelekewe 20 kila baada ya wiki mbili.