Dozi ya shabu haihesabiwi kwa magunia

Ndugu Meneja,

YAH: DOZI MPYA YA SHABU BAADA YA JARIBIO LA BIKA

Napendekeza tushushe dozi ya shabu hadi miligramu 40 kwa lita kuanzia zamu ya mchana wa leo. Ningeweza kuishia hapo, lakini kwenye daftari la zamu nimekuta siku tano mfululizo pameandikwa "dozi: magunia 8, haijabadilika", na asubuhi kikaoni ikasemwa kwamba kwa kuwa maji yanatoka na tope, tuongeze dozi. Naomba basi nilieleze neno lenyewe.

Dozi ni uzito wa dawa unaoingia katika kila lita ya maji. Hakuna zaidi.

Neno hili limetufikia kwa Kiingereza, na asili yake ni Kigiriki, ambako lilimaanisha kitu kinachotolewa, yaani anachopewa mtu kwa mara moja. Sisi wengi tulilisikia kwanza hospitalini: "Hakikisha unamaliza dozi." Hapo dozi ikawa pakiti nzima ya vidonge, ile ya siku tatu au saba, na mtu anayeacha katikati anaambiwa hakumaliza dozi. Maana hiyo kwa mgonjwa haina ubaya, kwa sababu mwili unaopokea vidonge ni uleule leo na kesho. Mtambo hauko hivyo, maana maji yanayopokea shabu huzidi na kupungua. Anayehesabu magunia anahesabu shabu iliyotoka stoo, bila kujua imegawanywa kwa maji kiasi gani.

Hilo ndilo lililotupata. Magunia 8 ya kilo 50 ni kilo 400 kwa siku, karibu kilo 16.7 kwa saa. Pampu zote mbili za mtoni zilipokuwa zinafanya kazi tulivuta mita za ujazo 400 kwa saa, na dozi ilikuwa miligramu 42 kwa lita. Tangu pampu ya pili ifungwe kwa matengenezo tunavuta 250. Magunia ni yaleyale 8, ila dozi imepanda hadi miligramu 67 bila mtu kugusa kitu. Daftari linasema haijabadilika, na aliyeandika aliamini hivyo kwa dhati.

Jana jioni nilichota maji ya mtoni nikayajaza kwenye bika sita za lita moja. Kipimo cha tope kilisoma NTU 85, na pH 7.2. Niliyeyusha gramu 10 za shabu katika lita moja, ili kila mililita moja ya myeyusho huo iwe miligramu 10 ndani ya bika. Nikaweka miligramu 20, 30, 40, 50, 60 na 70, nikakoroga kwa kasi dakika moja, kisha polepole dakika 20, nikaacha yatuame nusu saa.

Bika ya 20 ilibaki na NTU 14. Ya 30 ilishuka hadi 5.1, ya 40 ikafika 2.4, ya 50 ikawa 2.6. Kisha mambo yakageuka: ya 60 ilisoma 5.8 na ya 70 ikasoma 9, pH ikiwa imeanguka hadi 6.2. Katika bika ya 40 mabonge yalikuwa makubwa kama punje za mtama, yakazama mara kikorogeo kiliposimama. Ya 70 ilikuwa na vumbi jeupe linaloelea tu, na ndilo hilohilo unaloliona sasa likivuka kingo za tangi la kutuamishia kwenda kwenye machujio.

Chembe za tope zina chaji hasi, ndiyo maana zinasukumana na hazizami. Shabu huleta chaji chanya na kuituliza ile hasi, zikashikamana. Ikizidi, chembe zinageuka kuwa chanya zote, zinaanza kusukumana upya. Kwa hiyo tope tunaloliona leo limeletwa na shabu iliyozidi, na kuongeza kutalizidisha.

Kwa mita za ujazo 250, dozi ya 40 ni kilo 10 kwa saa. Tangi letu tunachanganya gunia moja kwa lita 1,000, hivyo mpira wa shabu utoe lita 3.3 kwa dakika. Sasa unatoa 5.6. Fundi wa zamu akinge kwa jagi na saa mkononi, asitegemee alama ya vali. Baada ya muda wa saa nne nitapima maji ya tangi, kwa kuwa bika na tangi havilingani kila mara. Mvua ikinyesha juu na NTU ya mtoni ikavuka 150, jaribio hili halifai tena, nitarudia.

Pampu ya pili ikirudi, dozi itabaki 40 ileile, na magunia yatakuwa karibu 8 kama zamani.

Naomba pia safu ya "dozi" kwenye daftari la zamu iandikwe miligramu kwa lita, na pembeni yake mtiririko wa saa hiyo. Magunia yaandikwe kwenye daftari la stoo.

Wako katika kazi,
Mkemia wa Maji