Fomula sahihi iliyoshuka mwezi mmoja kila mstari

Hajati mmoja hapa Kampala ana ghala kule Namanve. Amelipangisha kwa wapangaji wanane, na wote huwatoza kwa dola. Mwezi wa saba, tulipokuwa tunafunga vitabu vya mwaka ulioishia Juni, karani wake aliniambia kwamba kodi ya pango ya Novemba haikulingana. Ritani ya VAT ya mwezi huo ilionyesha mauzo ya shilingi 148,000,000. Shiti ya Excel ya karani ilisema 150,842,500. (Tarakimu nimezibadili kidogo, ila hadithi ni ileile.) Tofauti ni shilingi 2,842,500, na VAT ya asilimia 18 juu yake ni 511,650. Hajati alishakubali kurekebisha ritani na kulipa. Nikamwomba asilipe kwanza.

Mtu akisikia fomula iliyonakiliwa bila alama ya dola, ile inayofunga seli isisogee unapoburuta, hufikiria lile kosa linalopiga kelele. Umeweka 18% kwenye seli H2, na chini yake, H3, kuna 6% ya kodi ya zuio. Unaandika `=E2*H2`, unaburuta chini. Mstari wa pili unapata 6%, wa tatu unaangukia seli tupu na kutoa sifuri. Ikiwa chini kuna maneno badala ya namba, inatokea `#VALUE!`. Hata asiyejua hesabu ataona mambo hayaendi. Labda asione tu kama seli zimepangwa kwa mtindo wa kihasibu, ule unaoandika sifuri kama kistari, kwa sababu safu yenye vistari huonekana nadhifu.

Kosa la Hajati lilikuwa la kimyakimya. Mamlaka ya Mapato, URA, hutangaza kila mwezi viwango vya kubadilishia fedha za kigeni, na karani alikuwa amevipanga vizuri kwenye shiti aliyoiita Viwango: safu ya A miezi, safu ya B shilingi kwa dola moja, kuanzia Julai kwenye mstari wa 2 hadi Juni kwenye mstari wa 13. Novemba ni B6. Kwenye shiti ya ankara, dola ziko safu ya D na shilingi safu ya E. Mstari wa kwanza aliuandika kwa mkono, mingine akaiburuta. Hivi ndivyo ilivyokuwa:

```
E2: =D2*Viwango!B6
E3: =D3*Viwango!B7
E4: =D4*Viwango!B8
...
E9: =D9*Viwango!B13
```

Mpangaji wa kwanza kapigiwa hesabu kwa kiwango cha Novemba, wa pili kwa cha Desemba, na kuendelea hadi wa nane aliyepata cha Juni. Wapangaji wanane, na kutoka Novemba hadi Juni ni miezi minane kamili. Fomula haikugusa hata seli moja tupu. Angekuwepo mpangaji wa tisa, ingetokea sifuri na tungelijua siku ileile.

Na kwa sababu shilingi haibadiliki sana kutoka mwezi hadi mwezi, kila jibu lilionekana la kweli. Novemba ilikuwa 3,700, Desemba 3,685, Juni 3,850. Mpangaji wa pili, mwenye ankara ya dola 2,500, alipungukiwa 37,500. Wa mwisho, mwenye dola 10,000, alizidishiwa 1,500,000, yaani zaidi ya nusu ya tofauti yote. Jumla ilikosea kwa karibu asilimia 2 tu. Hakuna jicho linaloshtuka kwa asilimia 2.

Karani aliniuliza jambo la maana: “Lakini kaka, mbona Excel haikuweka ile pembe ya kijani?” Pembe ile huja pale fomula moja inapotofautiana na jirani zake. Hapa hakuna iliyotofautiana. Kila seli inasema neno lilelile: chukua dola iliyo kushoto kwangu, zidisha na kiwango kilicho mistari minne chini ya mstari wangu. Ukibadilisha mtindo kuwa `R1C1 reference style` (uko ndani ya `Options`, sehemu ya `Formulas`), utaliona waziwazi. Safu nzima inasomeka hivi:

```
=RC[-1]*Viwango!R[4]C[-3]
```

Iliyo sahihi ingesomeka `=RC[-1]*Viwango!R6C2`. Iwe ya makosa au iliyo sahihi, fomula hujirudia ileile kutoka juu hadi chini, kwa hiyo kipimo chochote kinachotafuta fomula iliyo tofauti na wenzake kitapita hapo bila kuona kitu. Cha kutazama ni mabano ya mraba kwenye sehemu ya kiwango. Yakiwepo, kiwango kinatembea.

Mimi lakini sianzi na fomula, naanza na majibu. Kwenye safu tupu naandika `=E2/D2` na kuiburuta. Hiyo inanirudishia kiwango kilichotumika kweli kwa kila ankara. Kisha:

```
=MAX(F2:F9)-MIN(F2:F9)
```

Kwa ankara za mwezi mmoja jibu liwe sifuri, au sehemu ndogo sana ya shilingi kama fomula inakadiria kwa `ROUND`. Kwa Hajati lilikuwa 165. Uzuri wa njia hii ni kwamba inamkamata hata aliyeandika kiwango kwa mkono ndani ya seli.

Kisha nathibitisha, kwenye nakala ya faili, si faili lenyewe. Nafuta 3,700 kwenye B6, naandika 1. Safu yote ya shilingi ingepaswa kuwa sawa na dola. Kwenye faili hili mstari wa kwanza pekee ulishuka. Mingine saba ilibaki kwenye mamilioni yake kana kwamba haikusikia. Hajati alikuwa amesimama nyuma yangu, na hapo sikuhitaji kumweleza tena.

Kurekebisha kulichukua dakika moja. Unaingia kwenye E2, unaweka kielekezi juu ya B6, unabonyeza F4 (kompyuta mpakato nyingi zinataka Fn pamoja nayo), inakuwa `$B$6`, unaburuta upya. Jumla ikarudi 148,000,000 na ritani ikabaki ilivyo.

Ila sikuiacha hivyo, maana alama ya dola ina upofu wake. Karani akiongeza ankara za Desemba chini ya zile za Novemba na kuburuta, `$B$6` itazipa kiwango cha Novemba bila aibu. Akiipanga upya shiti ya Viwango ili Juni iwe juu, B6 haitakuwa Novemba tena. Kwa hiyo tuliandika mwezi kwenye safu ya C ya kila ankara, fomula iutafute yenyewe:

```
=D2*VLOOKUP(C2,Viwango!$A$2:$B$13,2,FALSE)
```

Hata hapa alama za dola za jedwali zina kazi. Karani alijaribu kuziondoa ili aone. E2 hadi E6 zilitoa majibu sahihi, kwa kuwa jedwali lilipokuwa linateleza chini Novemba ilikuwa bado ndani yake. Kwenye E7 jedwali lilianzia Desemba, na `#N/A` ikajitokeza. Alicheka, akazirudisha, akaniomba ile safu ya F nisiifute.