Mgeni, malaika na ndama wa Ibrahimu

"Kwa nini dini nyingi zinasema mgeni usiyemjua huenda ni malaika, au hata Mungu mwenyewe? Ni ili watu wakirimu kwa tamaa ya thawabu?"

Thawabu imo, lakini si nguzo ya mafundisho haya. Nguzo yenyewe ni shida ya zamani sana: mtu aliyesafiri mbali na kwao hana ndugu wa kumtetea. Pale ambapo hakuna polisi wala mahakama ya kukimbilia, kinachomlinda mtu ni ukoo wake. Ukimuua, wapo watakaodai damu yake. Ukimwibia, wapo watakaokuja mlangoni kwako. Msafiri aliyefika jioni akiwa peke yake hana hata mmoja wa hao, na kila anayemwona analijua hilo. Ndiyo maana Torati humtaja mgeni pamoja na yatima na mjane, watu watatu wanaofanana kwa jambo moja tu, kwamba hawana mwanamume wa ukoo wa kuwasimamia. Kumbukumbu la Torati 10:18 inasema Mungu mwenyewe huwatendea haki yatima na mjane, na mgeni humpa chakula na mavazi. Wagiriki wa kale nao walimwita Zeu, mungu wao mkuu, mlinzi wa wageni na mlipiza kisasi chao. Asiye na ukoo amepewa Mungu kuwa ndugu yake.

Watu wengi huzielewa hadithi za malaika wageni kama bahati nasibu: karibisha wengi, huenda mmoja akawa malaika, nawe ukapata mtoto, mali au baraka. Ukizisoma kwa utulivu utaona hazikutungwa hivyo. Tuchukue ile mashuhuri kuliko zote, ya Ibrahimu kwenye mialoni ya Mamre, karibu na Hebroni, iliyomo katika Mwanzo 18 na pia katika Kurani, sura ya Hud na ya Adh-Dhariyat.

Ni mchana wa jua kali, na Ibrahimu, mzee wa miaka 99, ameketi mlangoni pa hema yake. Mstari wa kwanza unamwambia msomaji kwamba aliyetokea ni Bwana. Ibrahimu mwenyewe haambiwi. Yeye anaona watu watatu wamesimama. Anapiga mbio kuwalaki, anainama, anawaomba wasimpite. Anawaahidi vitu vidogo: maji kidogo ya kuosha miguu, kivuli cha mti, kipande cha mkate. Kisha anaingia ndani na kumwambia Sara akande vipimo vitatu vya unga safi. Kwa makadirio ya kawaida hicho ni kiasi cha debe zima, kwa watu watatu. Anakimbilia kundini mwenyewe, anachagua ndama laini, analeta siagi na maziwa, halafu anasimama kando yao chini ya mti wakati wanakula. Hajawauliza majina yao, wala watokako, wala wanakokwenda. Habari kwamba Sara atapata mtoto inakuja baada ya chakula, na inatoka kwa wageni, bila yeye kuiomba.

Wafasiri hawajakubaliana ni saa ngapi Ibrahimu alitambua anazungumza na nani, kwa sababu maneno yake ya kwanza, "Bwana wangu", yanaweza kuwa heshima kwa mtu au kwa Mungu. Lakini marabi wa Kiyahudi waliyasoma kwa namna inayovunja kabisa wazo la bahati nasibu. Katika Talmudi, mkusanyo wa mafundisho yao, kwenye sehemu iitwayo Shabati, wanasema kwamba kukaribisha wageni ni jambo kubwa kuliko kuupokea uso wa Mungu. Hoja yao ni kwamba Mungu alikuwa ameshamtokea Ibrahimu, na Ibrahimu akamwambia angoje, asiondoke, ili yeye awahudumie wapita njia. Kwa usomaji huo mgeni hakirimiwi kwa kuwa huenda ni Mungu. Mungu ndiye anayengojeshwa ili mgeni akirimiwe.

India inathibitisha jambo hilohilo kwa njia nyingine. Agizo maarufu la Kihindu la kumfanya mgeni kuwa mungu wako linatoka katika andiko la kale liitwalo Taittiriya Upanishadi, na humo mgeni ni wa nne katika orodha. Wa kwanza ni mama, wa pili baba, wa tatu mwalimu. Hakuna anayeshuku kwamba mama yake ni mungu aliyejibadili sura. Agizo linahusu namna ya kumtendea mtu, na mgeni anawekwa katika daraja ya watu ambao huwezi kuwalipa.

Sasa, kama Mungu tayari ni mlinzi wa mgeni, kwa nini hadithi zimvike nguo za msafiri na kumleta mlangoni? Fikiria daladala ambalo kondakta wake anajua askari wa barabarani wanasimama wapi. Kabla ya kituo kile anahesabu abiria vizuri, anafunga mlango, anaongea kwa adabu. Akishapita, mambo yanarudi yalivyokuwa. Askari yupo na sheria ipo, lakini vinafanya kazi mahali pamoja tu. Kisha siku moja inajulikana kwamba askari wengine hupanda gari kama abiria, bila sare, na hulipa nauli kama wengine. Si lazima wawe wengi. Mmoja kwa mwaka anatosha, maadamu kondakta hajui ni yupi. Kuanzia hapo mama mwenye kikapu, mwanafunzi na mzee mwenye fimbo wote wanapata adabu ile iliyokuwa ya kituoni, na wanaipata kwa sababu tu hawatambuliki. Siku kondakta atakapojifunza kumtambua askari, ulinzi wa hao wengine umekwisha.

Hivyo ndivyo kutojua kunavyofanya kazi katika hadithi hizi, na ndiyo sababu malaika hafiki na mabawa. Mshairi wa Kigiriki Homeri analisema waziwazi katika utenzi wake Odisea, kitabu cha 17. Odiseo amerudi kwake akiwa amejigeuza ombaomba, na Antinoo, mmoja wa wachumba wanaomposa mkewe na kula mali yake, anampiga kwa kigoda. Wachumba wenzake, watu wasio na huruma hata kidogo, wanashtuka na kumkemea: itakuwaje kama huyu ni mmoja wa miungu? Kwa maana miungu, wanasema, huizunguka miji kwa sura ya wageni ili ione jeuri ya watu na uadilifu wao. Hofu hiyo inamlinda ombaomba halisi kuliko inavyomlinda mungu. Waraka kwa Waebrania 13:2 unasimama palepale: "Msisahau kuwafadhili wageni, maana kwa njia hii wengine wamewakaribisha malaika pasipo kujua." Uzito uko kwenye maneno mawili ya mwisho.

Imani hiyo ilikuwa hai kiasi cha kuleta fujo. Matendo ya Mitume 14 inaeleza jinsi watu wa Listra, katika Uturuki ya leo, walivyomwona Paulo akimponya kiwete. Wakamwita Barnaba Zeu, na Paulo, aliyekuwa msemaji mkuu, wakamwita Herme. Kuhani wa Zeu akaleta ng'ombe na mashada ya maua ili watoe dhabihu. Mshairi wa Kirumi Ovidi, aliyeandika miaka kama arobaini kabla ya hapo, ana hadithi ya miungu haohao wawili waliopita nyumba elfu katika nchi jirani ya Frigia wakifungiwa milango, hadi wazee wawili maskini walipowapokea, na nchi iliyobaki ikazama majini. Wasomi wengi huziunganisha habari hizi mbili. Uhusiano huo una mantiki, ingawa hakuna andiko linalosema kwamba watu wa Listra waliijua hadithi ya Ovidi.

Kurani ina jambo ambalo Mwanzo haina. Katika Mwanzo wageni wanakula. Katika Kurani Nabii Ibrahim anawajibu salamu, anaona ni watu asiowajua, anakwenda kimya kwa ahali zake, na anarudi na ndama wa kuchoma. Wanazuoni husifu kule kuondoka kimya, kwani mgeni akiambiwa "ngoja nikuchinjie" atasema asisumbuke. Anakiweka chakula karibu yao, na mikono yao haikifikii. "Mbona hamli?" anauliza, na hofu inamwingia. Wafasiri wanaeleza kwamba kwa desturi ya zama hizo mgeni aliyekataa chakula alishukiwa kuja kwa shari, kwa sababu chakula kiliwafunga wote wawili: aliyekula hawezi tena kumdhuru aliyemlisha, wala aliyemlisha kumdhuru aliyekula. Malaika hawali, kwa hiyo ishara yao ya umalaika ndiyo ileile ishara ya adui. Hapa unaona kwamba mgeni naye alikuwa tishio. Mwenyeji hakujua aliyemfungulia mlango ni nani, kama vile mgeni hakujua anaingia kwa nani, na ukarimu ulikuwa mkataba wa kuwalinda wote wawili.

Mkataba huo ulikuwa na mipaka, nayo husahauliwa sana. Didake, mwongozo wa Wakristo wa mwanzo ambao nakala yake iligunduliwa Konstantinopoli mwaka 1873, unaagiza kila ajaye kwa jina la Bwana apokewe, kisha apimwe. Mpita njia asikae zaidi ya siku mbili, au tatu ikibidi. Akitaka kuhamia na ana ufundi, afanye kazi ale. Mtume, yaani mhubiri anayezunguka, akikaa siku tatu, au akiomba fedha, huyo ni nabii wa uongo. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa, maana siku ya tatu sisi humpa mgeni jembe.

Katika pwani yetu ukarimu ulishikana na biashara bila aibu. Msafiri wa Kimoroko Ibn Batuta alifika Mogadishu mwaka 1331, akaona vijana wakiifuata merikebu kwa mashua, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana humpa mfanyabiashara mmoja chakula na kutangaza kwamba huyo ni mgeni wake. Mfanyabiashara hulala kwa mwenyeji huyo, naye humuuzia bidhaa na kumnunulia. Aliyeuziana na mgeni bila mwenyeji wake kuwepo, biashara yake haikuhesabiwa. Chakula kilimpa mgeni ndugu wa mji, na kilimpa mwenyeji faida. Mtu aliyesubiri upepo wa kurudi nao alikuwa mgeni wa miezi, si wa siku mbili, kwa hiyo ilibidi pawe na kitu cha kuwafaidi wote wawili.

Katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume Muhammad (S.A.W.) anasema anayemwamini Mwenyezi Mungu na Siku ya Mwisho amkirimu mgeni wake. Usiku na mchana wa kwanza ni takrima yake maalumu, ukarimu ni siku tatu, na zaidi ya hapo ni sadaka. Kisha neno linamgeukia mgeni: si halali kwake kukaa kwa mwenyeji mpaka amtie dhambini. Katika riwaya ya Muslim, Masahaba waliuliza atamtiaje dhambini. Wakajibiwa kwamba atakaa kwake mpaka mwenyeji asiwe na kitu cha kumkirimu.