Umemsamehe mume aliyeweka nyumba rehani? Dhana potofu na ukweli

Tuseme mume amekopa milioni 4 kwa wakopeshaji wa kausha damu, akaweka dhamana nyumba ya Mbagala mnayoishi. Mke anakuja kujua siku wadai wanapogonga mlango. Mume analia, anaapa, wazee wanaitwa, mke anasema yamekwisha.

Dhana: Ukishasamehe, usiulize tena.

Ukweli: Kusamehe ni kuacha kudai kisasi, deni halifutiki kwa hilo. Kabla ya kuzungumzia imani, mke aone karatasi zote: mkataba wa mkopo, riba, tarehe, na jumbe za miamala kwenye simu ya mume. Mara nyingi mkopo unaotajwa kwanza si wa pekee, kwani aibu humfanya mtu akiri kile tu kilichokwisha kugundulika. Kisha mpange. Mkikubaliana na mdai riba isimame na mlipe 250,000 kwa mwezi, milioni 4 inakwisha kwa miezi 16. Kila mwezi mke aone risiti bila kuiomba. Mwezi wa tatu au wa nne ndio wa kuangalia sana: kama hela ya kulipia imetoka kwa mkopeshaji mwingine, deni limehama tu. Na akianza kusema "si ulishanisamehe?" kila anapoulizwa risiti, msamaha umegeuzwa kufuli la mdomo.

Dhana: Nyumba ina jina lake, mke hana la kusema.

Ukweli: Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinamzuia mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama ni mali yake. Mke anaweza kuomba zuio kwa msajili wa hati ikiwa nyumba imesajiliwa. Wengi Dar wanamiliki kwa karatasi ya mauziano tu. Hapo aandike barua ya pingamizi kwa mkopeshaji, nakala serikali ya mtaa, na abaki na nakala yenye mhuri. Kufanya hivi si kinyongo. Mtu husamehewa, nyumba hulindwa.

Dhana: Ukiondoka, basi hukusamehe.

Ukweli: Hii ndiyo inayowafunga wengi, hasa shangazi wanapoisema kikaoni. Mke anaweza kumsamehe kabisa, asimseme vibaya kwa watoto, na bado asirudi kwa sababu mume amekopa tena kwa siri mara ya tatu. Anayetaka talaka kwa kawaida huanzia baraza la usuluhishi la ndoa; likishindwa kuwapatanisha hutoa hati, na ombi hufunguliwa mahakamani ndani ya miezi sita tangu hati hiyo itolewe. Asiyetaka talaka anaweza kuiomba mahakama amri ya kutengana. Kwenye mgawanyo wa mali, kazi za nyumbani ni mchango: Mahakama ya Rufani ilisema hivyo mwaka 1983, shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Kwa hiyo "nimekusamehe" isiambatane na kusaini karatasi ya kuachia haki yake ya nyumba.